Mrejesho: saa iliyonionya kuhusu mapigo ya moyo

Niliuliza: “Saa imenionya kwamba mapigo yangu hayana mpangilio, ila najisikia mzima. Nifanyeje?”

Wakuu, kwa kuwa sikuwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi wala kuzimia, sikukimbilia dharura. Nilipanga kumwona daktari, nikamwonyesha kumbukumbu za saa. Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka safi. Namshukuru hakuishia hapo, maana kipimo hicho hurekodi sekunde chache tu, na vyumba vya juu vya moyo vinaweza kutetemeka ovyo kisha vikatulia. Nilivalishwa kifaa cha kurekodi mfululizo, kikanasa tatizo. Umri wangu na presha vinaongeza hatari ya kiharusi, hivyo nimeanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Tafadhali, msijianzishie aspirini. Haichukui nafasi yake.