Bodi ya saa "ya kristali" inawahi sekunde 8 kila siku, muuzaji anasema ni joto!

KondaktaMbovu (mleta uzi)

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Nilikuwa na bodi ya kurekodi halijoto iliyotegemea osileta ya RC, yaani ya rezista na kapasita, iliyomo ndani ya maikrokontrola. Ilipoteza dakika kadhaa kila siku na sikulalamika, maana datashiti haikuniahidi zaidi ya hapo. Nikanunua nyingine, ghali zaidi, ambayo maelezo yake yanatamba: saa ya kristali ya kwatzi, 32.768 kHz, kosa lisilozidi sehemu 20 kwa milioni. Sehemu 20 kwa milioni ni sekunde 1.7 kwa siku. Yangu inawahi sekunde 8! Leo 8, kesho 8, na daima mbele, wala si nyuma.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza: badilisha betri. Nimebadilisha, 8 ile ile. Jibu la pili: "ni joto la mazingira, kristali zote hubadilika na joto, ni kawaida". Jibu la tatu sijalipata, wameingia mitini. Sasa kama kwatzi nayo inakimbia hivi, tuliambiwa tuachane na RC kwa sababu gani?

FundiBilaKelele

Pole mkuu. Mimi ndiyo maana sihangaiki na kristali. Osileta ya ndani unaikalibreti mwenyewe hadi asilimia 1, unaokoa miguu miwili ya chipu, maisha yanaendelea. Kristali wanazikuza tu.

KondaktaMbovu

Asilimia 1 ya siku ni sekunde 864, mkuu. Dakika 14 na ushee! Nalalamikia 8, wewe unanishauri nikanunue 864?

FundiBilaKelele

Sikusema kwa saa. Kwa kuwasha taa na kusoma vitufe inatosha kabisa.

MamaOhm

Kwa vitufe ana haki, kwa saa hapana. Hiyo asilimia 1 ni ya volti ile na joto lile ulilokalibreti nalo. Betri ikishuka au jua likipanda, imeshahama.

Mleta uzi, hilo jibu la joto walikuona mtoto, na unaweza kulivunja bila kipimo chochote. Kristali ya 32.768 kHz imechongwa kama uma wa meno mawili. Masafa yake yako juu kabisa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukiipasha moto yanashuka, ukiipoza yanashuka vilevile. Chukua tofauti ya nyuzi kutoka 25, ipige mraba, zidisha kwa 0.034, unapata sehemu kwa milioni. Bodi ikikaa kwenye nyuzi 45, tofauti ni 20, mraba wake 400, jibu ni kama 14. Hiyo ni sekunde 1.2 kwa siku, tena ya kuchelewa. Yako inawahi. Joto haliwezi kuisukuma mbele hivyo.

Nitajie vitu viwili: orodha ya vipuri inasema kristali ni ya mzigo wa pF ngapi, na mchoro unaonyesha kapasita gani kwenye miguu yake?

KondaktaMbovu

Orodha inasema 12.5 pF. Mchoro una kapasita mbili za 6.8 pF, kila mguu na yake, zote zinakwenda ardhini. Chipu wanaisifia kwamba inakula umeme kidogo mno.

MamaOhm

Basi tumempata mwizi.

Wengi tulichora ule mchoro wa kristali shuleni tukaumaliza na mtihani: koili L1, kapasita C1 na rezista R1 kwenye mstari mmoja, halafu C0 sambamba nao. C0 ni kapasita halisi, ni zile elektrodi mbili zilizopakwa juu ya kwatzi. Hao watatu wengine hawapo kama vipuri. L1 ni uzito wa jino linalotikisika, C1 ni unyumbufu wake, R1 ni nguvu inayopotea njiani. Kwa kristali ya saa chukua C1 ya 0.003 pF, C0 ya 1.5 pF na R1 ya kilo-ohm 50. Ukitafuta L1 inayolingana na 32.768 kHz unapata kama henri 7,860.

Angalia sasa udogo wa C1. Kapasita zote unazobandika nje zinaugusa ule mtikisiko kupitia hiyo 0.003 pF peke yake, ndiyo maana haziwezi kuuhamisha sana. Katika RC, kapasita uliyobandika ndiyo masafa yenyewe. Ikikosea asilimia 5, masafa yamekosea asilimia 5. Hapa ikikosea asilimia 5, unahama sehemu chache kwa milioni.

Lakini "kidogo" si "hakuna". Kiasi ambacho mzigo CL unayainua masafa juu ya yale ya L1 na C1 peke yao ni hiki:

```
Δf/f = C1 / (2 × (C0 + CL))
```

Kiwandani waliikata ili isome 32.768 kHz kamili ikiwa na mzigo wa 12.5 pF. Hapo mwinuko ni sehemu 107 kwa milioni, na kiwanda kimeshauhesabu ndani. Kwenye bodi yako kapasita mbili za 6.8 zinafuatana, kwa hiyo ni 3.4 pF, ongeza kama 2.6 za njia za shaba na miguu ya chipu, una 6 pF. Mwinuko unakuwa 200. Toa 107, zinabaki 93 ambazo hakuna aliyezihesabu. Kila sehemu moja kwa milioni ni sekunde 0.0864 kwa siku. Zidisha mwenyewe.

KondaktaMbovu

8.03!!! Na wao wananiambia joto!

Kijana_wa_Volti5

Henri 7,860? Mama, hapo umeteleza, labda milihenri. Koili ya namna hiyo haiingii hata chumbani.

MamaOhm

Haijasukwa na mtu, ndiyo maana inaingia kwenye kopo dogo kama punje ya mchele. Ni uzito uliojigeuza umeme machoni pa saketi. Na ukubwa huo ndio unaoipa kristali ubishi wake. Kwa namba hizo Q, yaani kipimo cha ubishi huo, inatoka kama 32,000. Kikuza mawimbi kikichelewesha fezi nyuzi 1 tu kwa sababu ya volti au joto, kristali inahama robo ya sehemu moja kwa milioni. Osileta ya daraja la Wien, ambayo ni RC na Q yake ni theluthi moja, kwa kosa lile lile inahama asilimia 2.6. Ni bembea iliyokaliwa na mtu mzito: ukiisukuma nje ya wakati wake, inafuata wakati wake.

Pini13

Naomba kuingilia na langu maana linafanana. ATmega328P kwa RC ya ndani ya 8 MHz, natuma data ya siria kwa 115200, naona takataka tu kwenye skrini. Kwa 9600 iko safi. Nikiweka kristali ya 8 MHz nitapona?

MamaOhm

Halifanani sana, na hutapona. Siria ya chipu hiyo inagawa 8,000,000 kwa namba zinazogawanyika kwa 8 tu, na ili upate 115200 cha karibu ni kugawa kwa 72, unapata 111,111. Umekosa asilimia 3.5 hata kristali iwe dhahabu. RC yako inaweza kuongeza kosa hilo, au ikalipunguza kwa bahati. Kwa 9600 unagawa kwa 832, kosa ni asilimia 0.2, ndiyo maana unasoma. Baki hapo, au weka kristali ya 7.3728 MHz, ambayo inagawanyika kwa 64 bila salio.

PatoLaUsiku

Turudi kwa mleta uzi. Dawa ni nyepesi: toa hizo 6.8, weka 22 pF kila mguu. Kristali zote zinataka 22, mimi naweka 22 kila mahali na sijawahi kujuta. Kisha chomeka probu ya osiloskopu mguuni, soma masafa, kwisha kazi.

MamaOhm

Pato, mwelekeo ni sahihi: ukiongeza mzigo, saa inapungua kasi. Lakini 22 mbili ni 11, na 2.6 zile, unapata 13.6, umepita 12.5. Itachelewa kidogo. Na probu usiichomeke hapo. Probu ya mara kumi ina pF 10 na zaidi. Utapima masafa ya kristali pamoja na probu yako, au itazima kabisa. Iambie chipu itoe mpigo wa 1 Hz kwenye mguu mwingine, ulinganishe na mpigo wa sekunde wa kipokezi cha GPS.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni lingine. Nguvu ambayo kikuza mawimbi kinahitaji ili kristali ianze kutikisika inapanda kwa mraba wa C0 jumlisha CL. Kutoka 6 pF kwenda 12.5 ni mara tatu na nusu. Chipu inayosifiwa kula umeme kidogo mara nyingi imetengenezewa kristali za mzigo mdogo. Nahisi mchoro ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ila mnunuzi wao wa vipuri alichukua kristali ya 12.5 kwa sababu ilikuwepo.

PatoLaUsiku

Mbona zangu huwaka na 22?

MamaOhm

Za 32 kHz au za megahezi? Huko R1 ni makumi ya ohm, si makumi ya maelfu.

PatoLaUsiku

Megahezi nyingi. Lakini mbili za 32 kHz zinawaka.

Kijana_wa_Volti5

Mimi ya 32 kHz ilikuwa inawaka mezani na kugoma ndani ya friji. Niliposhusha kapasita ikapona. Sikujua kwa nini hadi leo.

MamaOhm

Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa unyevu kwenye miguu yake. Baada ya kulehemu ulisafisha mabaki?

Kijana_wa_Volti5

Hapana...

KondaktaMbovu

Nimewatumia hesabu yote, mstari kwa mstari, pamoja na mchoro wao wenyewe. Wamejibu: "ujumbe umepokelewa". Nimedai kristali ya 6 pF au hela yangu. Nikishindwa naibadilisha mwenyewe, ila ninazoziona ni za 7 pF. Zitafaa?

MamaOhm

Kwa kapasita zile zile itawahi kama sekunde 2 kwa siku. Ukiweka za 8.2 pF badala ya 6.8, mzigo unafika 6.7 na kosa linashuka hadi kama nusu sekunde. Juu ya hapo weka zile sehemu 20 za kristali yenyewe, hizo huwezi kuzikimbia kwa hesabu. Na 2.6 ya bodi ni makadirio yangu tu, kwa hiyo pima na GPS kabla ya kuziba boksi.

FundiBilaKelele

Na hela yake?

KondaktaMbovu

Kimya.