Sahihi ya kidijitali kwenye PDF: Acrobat Reader, Okular au LibreOffice?

MamaCasuarina (Malindi)

Salaam alaikum. Nasimamia nyumba za kupangisha hapa Casuarina. Mwenye nyumba mmoja, Mwitaliano, yuko kwao hadi msimu ufunguke, na amenitumia mkataba mpya wa usimamizi kwa PDF. Anasema ameshautia sahihi ya kidijitali, nami nitie yangu nimrudishie. Nikiufungua kwa Acrobat Reader kunatokea mstari juu: "At least one signature has problems". Nikifungua paneli ya sahihi nasoma "Signature validity is UNKNOWN". Kwenye simu hakuna onyo lolote, naona jina lake tu chini ya ukurasa wa mwisho. Je, nimeletewa mkataba wa uongo? Na kwa sahihi yangu mimi, nitumie programu gani kati ya hizo tatu?

KarisaGede

Dada, mbona rahisi. Printi, tia kalamu, skani, mtumie. Mikataba yangu ya kuchimba visima yote naifanya hivyo na sijakataliwa hata siku moja.

FundiMkomani (Lamu)

Karisa, wewe huletewi faili lenye sahihi ndani yake. Huyu akiprinti, sahihi ya mwenye nyumba imepotea, inabaki picha ya jina. Sahihi hii ni hesabu iliyopigwa juu ya faili lenyewe, kisha ikafungwa kwa ufunguo wa siri wa aliyesaini. Ukiprinti, ukipiga picha, ukipunguza ukubwa wa faili au ukiunganisha na PDF nyingine, hesabu haipo tena au hailingani.

Mama, UNKNOWN si sawa na uongo. Acrobat inajibu maswali mawili mbalimbali: je, faili limeguswa baada ya kusainiwa, na je, aliyesaini ni nani. Tazama mistari iliyo chini ya hiyo UNKNOWN. Ukiona "Document has not been modified since this signature was applied", swali la kwanza limejibiwa vizuri. Lililobaki ni la mtu: sahihi huja na cheti, hati ya kidijitali inayotaja jina la mwenye ufunguo, na aliyempa cheti hicho hayumo kwenye orodha ya wanaoaminiwa na Acrobat yako.

Watoa vyeti wa Italia walioidhinishwa wamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, na Acrobat inaweza kuichukua. Ingia Edit > Preferences > Trust Manager, hakikisha "Load trusted certificates from an Adobe EUTL server" ina tiki, bonyeza Update Now, kisha funga faili na ulifungue upya.

Ikikataa kubadilika, usikimbilie kubonyeza "Add to Trusted Certificates". Hapo utakuwa umeiambia kompyuta imwamini mtu ambaye wewe mwenyewe hujamhakikisha. Fungua cheti chake, nenda Details, utakuta SHA1 digest, mlolongo wa tarakimu na herufi. Mpigie kwa namba unayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe, akusomee mlolongo ulio kwenye cheti chake. Ukilingana wote, ni yeye.

Simu usiitegemee kwa kazi hii. Visomaji vingi vya simu, na hata Chrome kwenye kompyuta, vinakuonyesha ukurasa tu bila kukagua sahihi. Jina lililochorwa kwenye ukurasa yeyote anaweza kulichora, hata akaongeza na alama ya tiki. Jibu la kuaminika liko kwenye paneli ya programu.

BarazaniShela

Mimi niko kwenye Linux, huko Okular inatosha: inaonyesha sahihi, na matoleo ya kuanzia 2021 yanasaini pia. Lakini kwa ukaguzi napenda pdfsig, ni amri moja tu na jibu halina maremborembo. Ikikuandikia "Not total document signed", ujue mkataba umechezewa. Tupa.

FundiMkomani

Hapo umepatia nusu, shekhe wangu. Chukua mkataba huu wa Mama. Mwenye nyumba amesaini kwanza, Mama anasaini wa pili. Sahihi ya pili haiandikwi juu ya ile ya kwanza, inaongezwa mwishoni mwa faili. Kwa hiyo wakishamaliza wote wawili, pdfsig itatoa kitu kama hiki (nimepunguza mistari):

```
$ pdfsig mkataba.pdf
Signature #1:
  - Not total document signed
  - Signature Validation: Signature is Valid.
  - Certificate Validation: Certificate issuer is unknown.
Signature #2:
  - Total document signed
  - Signature Validation: Signature is Valid.
```

Ya kwanza haikuchezewa. Inalinda faili lilivyokuwa siku ile, kabla ya Mama kuongeza yake. Inayotakiwa kusema "Total document signed" ni ya mwisho. Wasiwasi unakuja pale sahihi ya mwisho nayo inaposema "Not total", maana kuna kitu kimeongezwa baada ya wote kusaini. Hata hapo usitupe bado. Acrobat ina "Click to view this version" kwenye paneli: inakufungulia hati kama ilivyosainiwa, ukaisoma sambamba na ya sasa. Ukikuta kamisheni imebadilika kutoka asilimia 20 hadi 12, umeshajua.

Na hiyo "issuer is unknown" kwa Mwitaliano isikushtue. Kwa kawaida pdfsig hutazama vyeti vilivyomo kwenye Firefox, na humo watoa vyeti wengi wa sahihi za Ulaya hawamo. Ndiyo sababu kwa kukagua sahihi kutoka Italia naiweka Acrobat mbele, ingawa mwenyewe natumia Okular kila siku.

Kisha isasisheni programu yoyote mnayotumia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walijaribu visomaji 22 vya kompyuta, na 21 vikadanganyika: faili limebadilishwa, programu bado inasema sahihi ni halali. Matoleo ya zamani ya wakati ule si ya kukagulia mkataba.

MamaCasuarina

Shukran sana. Nimefanya ile ya EUTL, mstari umegeuka: "Signed and all signatures are valid". Jina kwenye cheti ni lake kamili, kama lilivyo kwenye mkataba wetu wa zamani. Sasa sahihi yangu?

FundiMkomani

Kwa kuwa Acrobat unayo, saini humo humo. Fungua kifaa cha Certificates, "Digitally sign", chora kisanduku, halafu "Configure New Digital ID" na "Create a new Digital ID". Faili la ufunguo liweke mahali salama, na neno la siri usimpe mtu. "Fill & Sign" iache, hiyo inabandika picha tu. Tiki ya "Lock document after signing" ni ya anayesaini mwisho. Angeitia mwenye nyumba, wewe usingepata nafasi.

LibreOffice nayo inafaa, ila pitia File > Digital Signatures > Sign Existing PDF. Ukiufungua mkataba kwenye Draw ukautoa upya kuwa PDF, sahihi yake imekwenda.

KaraniWaWakili

Ngojeni kidogo. Cheti cha kujitengenezea kitathibitisha kwamba faili halikuguswa, lakini nani anathibitisha kwamba Mama ni Mama? Sheria ya Kenya, hasa baada ya marekebisho ya 2020, inazungumzia sahihi ya kielektroniki ya hali ya juu: imfungamanishe mtu mmoja, imtambulishe, iwe mikononi mwake pekee, na badiliko lolote lionekane. Watoa vyeti hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano. Kwa mkataba wa pesa ningenunua cheti cha mwenye leseni.

FundiMkomani

Kwa mauzo ya kiwanja nakubali kabisa. Lakini hawa wanajuana kwa miaka, na Mama akimsomea mlolongo wa cheti chake kwa simu, kutambulishana kumefanyika.

KaraniWaWakili

Baina yao, ndiyo. Wakigombana, hakimu hakuwapo kwenye simu hiyo.

KarisaGede

Na mimi je, mteja wangu wa Watamu akinitumia ya namna hii, na nina simu tu?