Nimeambiwa sijui kusoma bei ya dhahabu, ilhali tovuti nne zinaandika bei nne

Mshika Mizani (mleta uzi)

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado kifuani, kwa maana jambo lenyewe halijatimiza saa moja. Ile tovuti mnayoijua nyote, yenye tarakimu kubwa za njano katikati ya skrini, imeniambia kwamba sijui kusoma. Nilikuwa nauza aunsi 10. Tarakimu za njano zilisema dola 2,412.60, nikabonyeza kitufe cha kuuza, nikalipwa kwa dola 2,412.00. Nikawaandikia kwa adabu zote kuuliza senti 60 za kila aunsi zimekwenda wapi, na mtu wao wa huduma kwa wateja akanijibu: "Dhahabu haina bei moja. Jifunze kusoma kabla ya kulalamika."

Jifunze kusoma! Tarakimu zile nimezisoma mpaka nikifumba macho naziona zimeandikwa ndani ya kope. Nikafungua tovuti nyingine tatu dakika ileile: moja ilisema 2,413.20, nyingine 2,410.90, na nyingine 2,432.50. Kama bei ni moja, hizi tatu zimetoka wapi? Na kama si moja, kwa nini waliandika moja tu, kubwa kama mlango wa ghala, kisha anayeisoma aambiwe hajui kusoma?

Njiwa wa Jioni

Ndugu, umejaza aya mbili kwa ajili ya dola 6.

Mshika Mizani

Dola 6 wachukue. Kilichonikera ni lile neno "jifunze kusoma".

Mzee wa Mnada

Bei halali ya dhahabu ni ile inayopatikana London kwa mnada, mara mbili kila siku ya kazi, saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri kwa saa za huko. Zamani ilipangwa na wafanyabiashara wachache tangu mwaka 1919, na tangu 2015 mnada unaendeshwa kwa kompyuta. Tovuti yoyote inayoandika bei tofauti na hiyo inawadanganya watu, na wewe umedanganywa mara nne.

Fundi Mkondo

Mzee, kuhusu mnada umesema kweli, ila umekosea ulipomalizia. Bei ya mnada hutumika sana katika mikataba na hesabu za makampuni, lakini baina ya mnada na mnada watu hawaachi kununua na kuuza. Bei ya papo hapo, ile inayoandikwa XAU/USD, hubadilika kila sekunde, na haitoki katika soko moja lenye ubao mmoja. Benki na wafanyabiashara hupeana bei moja kwa moja, kisha kampuni za data huzikusanya. Kampuni mbili zinazokusanya kwa wafanyabiashara tofauti zinaweza kupishana senti kadhaa bila yeyote kusema uongo.

Nimefanya kazi ya kupokea mikondo ya bei kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba niseme kuhusu zile senti 60. Wakati wowote dhahabu huwa na bei mbili: ile ambayo mnunuzi yuko tayari kulipa na ile ambayo muuzaji anadai. Kwako nadhani zilikuwa 2,412.00 na 2,413.20. Tovuti ikachukua katikati yake, yaani 2,412.60, ikaiandika kwa njano. Katika bei hiyo ya katikati hakuna aliyeahidi kununua wala kuuza. Ulipouza, ulipewa bei ya mnunuzi. Hesabu yao ni sahihi, lakini kukuonyesha bei ya katikati pembeni ya kitufe cha kuuza ni kosa lao, na jibu walilokupa halina utetezi.

Mshika Mizani

Kumbe nilisoma sawasawa kabisa! Walichokiandika si bei ambayo ningelipwa, na bado mimi ndiye niliyeambiwa nijifunze kusoma.

Bi Hereni

Mimi pia wameniibia. Niligawa bei ya aunsi kwa gramu 28.35 nikapata dola 85.10 kwa gramu, lakini kila tovuti inaniandikia karibu dola 77.57. Hizo si senti 60, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi.

Fundi Mkondo

Dada, hapo hujaibiwa. Aunsi inayopimiwa dhahabu ni ya troi, yenye gramu 31.1035. Ile ya 28.35 ni ya kupimia bidhaa za kawaida.

Bi Hereni

Basi waandike. Nimeuliza tovuti mbili na hakuna iliyonijibu.

Njiwa wa Jioni

Hiyo ya 2,432.50 je? Ingekuwa mimi, ningenunua huku na kuuza kule, nikachukua dola 20 kwa kila aunsi.

Fundi Mkondo

Usijaribu. Nakisia kwamba hiyo ni bei ya mkataba wa kukabidhiana dhahabu miezi miwili mbele, wa soko la COMEX la New York. Tafuta herufi GC karibu na bei, pamoja na jina la mwezi. Anayenunua dhahabu leo hufunga fedha yake na hulipia kuihifadhi, na anayenunua kwa mkataba hubaki na fedha yake ikimzalia riba. Riba ya dola ikiwa asilimia 5 kwa mwaka, miezi miwili ya dola 2,412 ni kama dola 20. Faida unayoiona italiwa na gharama hizo.

Ile ya 2,410.90 naishuku kwamba imechelewa. Tovuti nyingi za bure hupewa bei za masoko zikiwa zimecheleweshwa dakika 10 au zaidi, kwa sababu bei za papo kwa papo hulipiwa. Mleta uzi, andika bei za tovuti zote nne kila dakika kwa nusu saa. Pengo la mkataba halitasogea sana. Tovuti iliyochelewa itakuwa chini ya wenzake soko likipanda, na juu ya wenzake soko likishuka. Ukirudisha safu yake nyuma kwa dakika 10, italingana na nyingine.

Mshika Mizani

Nimefanya, tena kwa kalamu na karatasi. Ile ya juu ilibaki karibu dola 20 juu muda wote. Ile ya 2,410.90 ilikuwa chini mpaka soko lilipogeuka, kisha ikawa juu kwa dola moja na zaidi, na nikiirudisha nyuma dakika 11 inafuata nyayo za tovuti ya njano. Ila ile ya 2,413.20 sijaielewa. Mara inazidi kwa senti 30, mara kwa senti 80.

Fundi Mkondo

Ingebaki senti 60 ningesema wanaonyesha bei ya muuzaji. Ikiyumba hivyo, huenda wanakusanya kwa wafanyabiashara wengine, au nafasi kati ya bei mbili yenyewe ilikuwa inapanuka na kusinyaa. Kwa tarakimu moja tu huwezi kujua. Lazima waonyeshe zote mbili.

Mzee wa Mnada

Bado nasema mnada ndio bei.

Kesha na Chati

Nyinyi mna nafuu, kwani mnazungumzia siku za kazi. Jumamosi soko limefungwa tangu Ijumaa jioni ya New York, lakini tovuti moja inaniandikia kwamba dhahabu imepanda kwa asilimia 0.4 "leo", na nyingine inaniandikia sifuri. Leo ipi?

Bi Hereni

Afadhali wewe umeandikiwa hata asilimia. Mimi nafuatilia madini ya fedha, na pengo kati ya kununua na kuuza ni pana kuliko la dhahabu mara kadhaa ukilipima kwa asilimia. Kuna anayejua tovuti inayoonyesha bei zote mbili za fedha bila kulipia?

Kesha na Chati

Dada, hata mimi naitafuta. Fungua uzi wake tuje huko.