Mjadala: sheria za ruhusa zitoke kwenye apu, au tunajitafutia kazi?

Kinyonga: Mfumo wa mikopo wa sakosi yetu una ifu za ruhusa zimetapakaa kila faili. Bosi anataka zote zihamie OPA. Ni busara au mbwembwe?

dada_wa_logi: Hamisha. Anayeandika ifu kila kona ni mvivu wa kufikiri. OPA inakaa pembeni, apu inatuma jsoni ikiuliza huyu aidhinishe au la, inajibiwa. Sheria ikibadilika hujengi apu upya, unatoa sera mpya na kwa mipangilio ya kawaida OPA zote zinaivuta ndani ya dakika moja au mbili.

mzee_ifu: Mvivu nani?? Nimeandika mifumo ya benki wewe ukiwa chekechea. Na haijawahi kuvuja

Kipusa: sisi tulishaweka nywila ndefu na namba ya simu, hiyo OPA itasaidia wateja wanaosahau?

dada_wa_logi: Kipusa hiyo ni kuingia, hapa tunaongelea ukishaingia ufanye nini. Mzee, benki gani ambayo haijawahi kuvuja, tukafungue akaunti 😂

mkobani: Wewe weka default false tu, ukikosea popote jibu ni hapana. Huwezi kuvujisha.

Chumvi: mkobani hapo pole. Soma hii, meneja asijiidhinishie mkopo wake mwenyewe:

```rego
package mikopo

default allow := false

allow if {
    input.user.role == "meneja"
    not input.user.id == input.mkopo.mwombaji
}
```

Sasa apu ikabadilisha jina la fildi, `mwombaji` ikawa `mwombaji_id`, sera haikuguswa. Rego hailalamiki, fildi isiyokuwepo inafanya ule mstari ukose jibu, na `not` ya kitu kisicho na jibu ni kweli. Meneja anajipitishia mkopo na default yako iko palepale inatazama. Andika `input.user.id != input.mkopo.mwombaji`, fildi ikipotea mstari mzima unakwama, anakataliwa. Na weka testi ya jsoni isiyo na hiyo fildi, `opa test` iikamate kabla ya kutoa sera.

mzee_ifu: Si ndo hayo! Kwenye Java yangu nali ingelipuka usoni, ningejua siku hiyohiyo

dada_wa_logi: ungeifunika na trai kachi kama kawaida yenu

mzee_ifu: "yenu" kina nani? Binti punguza

mkobani: sawa Chumvi, ila orodha je? Afisa akifungua ukurasa wa mikopo ya tawi lake, naiuliza OPA mkopo mmoja mmoja?

Chumvi: Hapana, utachoka. Njia mojawapo ni kuiuliza OPA masharti, uyageuze kuwa WHERE ya kwery, na si kila sera inageuka vizuri. Mimi orodha huwa naziacha kwenye apu, najua kuna watakaonirushia mawe.

dada_wa_logi: Jiwe la kwanza langu. Hapo tayari una sheria sehemu mbili!!

Kinyonga: Jamani nimwambie nini bosi

mzee_ifu: mwambie kwanza huyu binti aniombe radhi