Mbalamwezi imeharibu sampuli yangu: nifute mapungufu au niyaache?

Binti_Kirumba: Wakuu, shikamooni. Namalizia tasnifu ya uzamili kuhusu akina mama wanaouza dagaa Mwaloni Kirumba. Nalinganisha kipato cha walio kwenye vikoba na wasio kwenye vikoba. Nilihoji 120 kwa siku 9, na siku zenyewe zikaangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo mzigo hakuna, wauzaji wengi wa mitaji midogo wamekaa nyumbani. Nimeyaandika hayo kwenye mapungufu ya utafiti, nikamalizia "hivyo matokeo huenda si sahihi". Msimamizi kapiga wino mwekundu: "Umejikaanga mwenyewe." Nifute?

Mzee_wa_Pasi: Futa mdogo wangu. Weka "muda na fedha havikutosha", wote tumeandika hivyo tukapita.

Kokoto: Mzee, hiyo ndiyo sentensi inayomchosha mtahini, maana haimwambii ni tokeo lipi limeguswa. Dada, kosa lako si kusema ukweli. Umesema nusu yake, halafu ukaitupa tasnifu nzima. Una matokeo ya aina mbili. Wastani wa kipato umeguswa moja kwa moja: huwezi kuuita kipato cha mwezi, sema ni cha siku za mbalamwezi. Ulinganisho ni jambo jingine, kwa sababu makundi yote mawili uliyahoji siku zilezile. Swali linalobaki ni nani hakuwepo. Kama waliokaa nyumbani wengi hawakuwa kwenye vikoba, basi wasio na vikoba uliowapata ni wale wenye nafuu, na tofauti halisi huenda ni kubwa kuliko uliyoiona. Andika hivyo:

"Mahojiano yalifanyika wakati wa mbalamwezi, hivyo wastani wa kipato hauwakilishi msimu wa giza. Iwapo wauzaji wasiokuwepo hawakuwa wanavikoba, tofauti kati ya makundi imepunguzwa, haikukuzwa."

Hapo unafunga. Usiombe radhi.

Nansio_kwetu: Mimi Ukerewe wavuvi walinificha kipato, walidhani ni mtu wa kodi. Hayo nayo ni mapungufu?

Kokoto: Ndiyo, ila fungua uzi wako 😀

Binti_Kirumba: Asante kaka. Lakini sina orodha ya wasiokuwepo. Na kama walikuwa wanavikoba waliokula mtaji?

Kokoto: Basi mwelekeo unageuka, na tofauti yako imekuzwa. Ndiyo maana nimeweka "iwapo". Rudi Mwaloni giza likiingia, siku mbili tu, uliza wasiokuwepo mara ya kwanza kama wana kikoba. Hata 20 watakupa kitu cha kuandika. Na kichwa chako kinasema "athari za vikoba"? Wenye kipato kizuri huenda ndio wanaojiunga. Badili kiwe "uhusiano".

Mzee_wa_Pasi: Kubadili kichwa dakika hii? Idara yetu ilikuwa fomu juu ya fomu.

Binti_Kirumba: Kichwa kilishapitishwa, kweli. Nitaanza na hitimisho, kila penye "vimeongeza kipato". Giza linaingia wiki ijayo, nitashuka Mwaloni.