Tupeane uzoefu: kamera ya nyumbani, unalipia klaudi ama unaweka kadi?

Baba Tasha, Kasarani
Wadau naanza na yangu ndio msirudie. Pasaka tulienda ushago Alhamisi, tukarudi Jumanne saa kumi na mbili jioni, tukapata mtungi wa gesi na baiskeli ya kijana zimeenda. Jirani anasema alisikia mlio kwa veranda usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi kama saa nane hivi. Nikajiambia si shida, kamera iko na kadi ya GB 64. Kufungua apu, rekodi ya zamani kabisa ni ya Jumamosi saa moja jioni! Mwizi alikuwa amefutwa na paka na upepo. Arifa nilikuwa nimezizima sababu hiyo kamera inanipigia kengele kila jani likianguka. Wenye wanalipia klaudi, mngeokoka?

Fundi wa Donholm
Pole mzee. Hesabu yako iko sawa na kadi haikukosea. Kamera ya 1080p ikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu GB 0.9 kwa saa, yaani GB 21 na kitu kwa siku. Kwa hivyo 64 inajaa kabla siku tatu kuisha, halafu inaanza kuandika juu ya zile za kwanza. Ungekuwa na 128 ungerudi nyuma karibu siku sita na huyo jamaa ungemwona. Na kitu kingine, ukigundua umeibiwa zima kamera hapo hapo utoe kadi, kila dakika ukizunguka ukiuliza majirani inafuta kitu.

Kevo wa Umoja
Mimi 128 yangu inakaa mwezi mzima bana, hizo siku sita sijui zinatoka wapi. Na uzuri wa kadi ni kwamba hata stima ikipotea inaendelea tu, klaudi inalala.

Fundi wa Donholm
Kevo yako inakaa mwezi kwa sababu umeiseti irekodi ikiona kitu kinasonga tu, na ploti yenu saa za usiku hakuna mtu anapita. Mwenye anakaa karibu na barabara hawezi pata hivyo. Na stima ikipotea kamera ya kuchomeka kwa soketi inakufa, kadi ama klaudi. Chenye kadi inavumilia ni intaneti kupotea. Hata mimi mteja wangu alizimiwa swichi kwa boksi ya mita nje ya korido, ruta na kamera zikanyamaza pamoja.

Mama Shiku
Swali, hiyo kamera inakula tokeni ngapi kwa mwezi? Yangu nimeitoa usiku juu ya stima.

Fundi wa Donholm
Mama hiyo ni kama wati 5, ukiiacha mwezi mzima ni uniti kama 3 na nusu. Usiku ndio ulikuwa unaihitaji 😂

Njeri, South B
Mimi ni wa klaudi kwa sababu ya kuumwa. Kamera ya kwanza iliwekwa chini sana karibu na geti, mwizi akaing'oa yote, na kadi ikiwa ndani. Nikabaki na skrubu mbili ukutani. Sasa nalipa kama 450 kwa mwezi kwa kamera moja, klipu zinakaa siku 30, na nikipigwa tena angalau sura yake imeshatoka nyumbani. Lakini niwaambie ukweli, inapandisha vipande tu vya kitu kikisonga, si masaa 24. Kuna siku kijana wa boda alikaa mbele ya geti dakika tatu, nikapata sekunde za kwanza peke yake. Na mwezi wa tatu malipo yalikwama, ile kadi ya mtandaoni naijaza kwa M-Pesa haikuwa na pesa, nikagundua baada ya wiki. Siku hizo hazikurudi hata nilipolipa.

Kevo wa Umoja
450 mara 12 ni 5,400 kwa mwaka kwa kamera moja! Mwenye ako na tatu atauza sofa. Kadi yangu nilinunua town 800 ya 128.

Fundi wa Donholm
128 kwa 800? Ijaribu kwa kompyuta na H2testw kabla ya kuiamini. Feki inajitangaza 128 na ndani iko na GB chache, dalili ni apu kuomba fomati mara kwa mara ama siku zingine hazichezi. Na kamera inaandika usiku na mchana, kadi ya kawaida inachoka haraka, tafuta yenye imeandikwa "Endurance".

Baba Tasha, Kasarani
Basi mimi nafikiria 128 nzuri kwa zote, na klaudi kwa ile ya geti peke yake, tena nilipie mwezi wa Disemba tukienda ushago. Inakubali mwezi mmoja?

Njeri, South B
Yangu inakubali, lakini inajirenyu yenyewe, ukisahau kuzima Januari utalia. Na lipa kabla mfunge mlango.

Kevo wa Umoja
Hiyo H2testw imechukua saa nzima bado inaenda. Imefika GB 14 imeanza kuandika nyekundu.