Hisa mpya: niombe kwenye toleo au nisubiri siku ya kwanza sokoni?

Kiberenge: Wakuu, kuna kampuni inauza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, maombi yanafungwa Ijumaa. Hela ipo. Niombe sasa, au nisubiri zianze kuuzwa sokoni nione upepo? Jibu la haraka tafadhali.

Mama Mizani: Haraka ya nini, hujasema kitu. Bei imeshatajwa au wametoa kiwango cha chini na cha juu? Hela ni yako au ya mkopo? Unauza lini? Bila hayo tunapiga ramli.

Bonde la Juu: Omba tu mkuu. Bei ya toleo huwekwa chini makusudi ili siku ya kwanza ipande. Ndiyo kanuni.

Fundi Saa: Kanuni! Hiyo kanuni ilininyoa. Kampuni fulani iliuza kwa 20 kila hisa. Nilikuwa na 40,000, nikakopa 160,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, nikaomba hisa 10,000. Maombi yakafika mara tano ya hisa zilizokuwepo, kila mtu akapewa moja ya tano. Nikapata 2,000, yaani zile ambazo hela yangu mwenyewe ingezilipia! Za mkopo zilirudi baada ya miezi miwili, na riba ikawa 6,400. Siku ya kwanza bei ikagusa 23, mimi nikauza kwa 22. Faida 4,000, na hapo dalali hajakata chake. Bei ilipanda kweli, na bado nilikula hasara.

Kiberenge: Samahani wakuu. Ni kiwango, 18 hadi 22, bei yenyewe itatajwa jioni ya kuamkia siku ya soko. Nusu ya hela ni mkopo wa chama. Nataka kuuza wiki ya kwanza.

Mama Mizani: Sasa tunaongea. Wasimamizi wa toleo wanazunguka kwa mifuko mikubwa ya uwekezaji wakiandika: huyu anataka hisa milioni moja hata kwa 22, yule hazidi 19. Wakishaona hisa zinaisha mara kadhaa hata kwa 22, wanaweza kutaja 21 tu, kwa sababu kesho watawarudia wanunuzi walewale na toleo lingine. Hapo ndipo Bonde ana nusu ya ukweli. Lakini toleo likigombaniwa hivyo, wewe mdogo unapewa kiganja. Ukiomba 5,000 ukapewa zote 5,000, usishangilie. Jiulize wakubwa walikimbia nini.

Bonde la Juu: Google 2004 ilitoka 85, siku hiyohiyo ikafunga juu ya 100. Dola hizo.

Mama Mizani: Umechagua mfano mbaya. Ile ilikuwa mnada, na kiwango chao kilikuwa 108 hadi 135 kabla ya kukishusha kuwa 85 hadi 95. Facebook 2012 walifanya kinyume: walipandisha kutoka 28–35 hadi 34–38, wakauza kwa 38. Siku ya kwanza ilifunga 38.23, na kufikia Septemba ilikuwa chini ya 20.

Shangazi Tulia: Habari zenu. Mimi nina cheti cha hisa cha marehemu baba, kimeliwa na mchwa pembeni. Bado nitapata gawio?

Nahodha: Shangazi, fungua uzi wako, tutakuja. Kiberenge, itazame hiyo 38.23. Wasimamizi mara nyingi huuza hisa za ziada, hadi asilimia 15 juu ya toleo, ambazo bado hawana. Bei ikishuka wanazinunua sokoni kufunika deni lao, na manunuzi hayo ndiyo yanayoishika bei. Ikipanda, wanazichukua kwa kampuni kwa bei ya toleo. Ruhusa hiyo kwa kawaida ni siku 30. Kwa hiyo ukiona bei imeganda kwenye bei ya toleo kama imepigiliwa msumari, kuna mkono chini yake, na mkono huo una mwisho.

Bonde la Juu: Si afadhali basi? Anauza wiki ya kwanza, mkono bado upo.

Fundi Saa: Na riba ya chama nani anaishika?

Nahodha: Bonde hajakosea kabisa, ila mkono huo haujaahidiwa mtu. Akiamua kusubiri, asiagize "nunua kwa bei yoyote". Asubuhi ya kwanza maagizo hukusanywa kwanza, kisha inatafutwa bei moja ya kufungulia. Toleo la 21 linaweza kufunguka 29, naye akajikuta kileleni. Aweke kikomo chake.

Kiberenge: Kwa hiyo niombe kwa hela yangu tu, ya chama niirudishe? Mwekahazina ameshanihesabia faida.

Mama Mizani: Waraka wa matarajio umeusoma? Wenye hisa wa zamani wamezuiwa kuuza kwa siku ngapi?

Kiberenge: Una kurasa 300, mama.

Shangazi Tulia: Nimekosa pa kufungulia uzi. Jina la baba bado linasomeka, namba ndiyo imeliwa.